Namba 180 mbili kwenye paneli moja

Shangazi alifungua mlango wa oveni, akachoma kijiti katikati ya mkate wa sinia, na kijiti kikatoka kimejaa uji. Kandokando mkate ulikuwa umeshikana. Juu ulikuwa mweupe vilevile ulivyoingia, bila dalili ya kuchomeka hata pembeni.

"Nimeweka mia na themanini, nusu saa. Si ndivyo walivyoandika?"

Ndivyo walivyoandika. Mapishi yalikuwa kwenye simu yake, digrii 180, dakika 30 hadi 35. Na kwenye paneli kidude kilikuwa kimewaka juu ya namba 180. Nikaisoma mara mbili.

Oveni ilitoka katika nyumba moja ya Casuarina, hapa Malindi, kwa mama wa Kiitaliano aliyekuwa akifunga safari ya kurudi kwao na kuuza vitu vya nyumbani. Ni ile aina ya mbili kwa moja, maikrowevu na oveni katika sanduku moja. Kijitabu chake hakikupatikana. Askari wa nyumba ile ndiye aliyempa Shangazi maelezo yote: usitie chuma ndani, utalipua. Kwa hiyo ule uji wa mchele na tui, badala ya kumiminwa kwenye sinia, ulimiminwa kwenye bakuli pana la kioo.

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Shangazi huchukua oda za mkate wa sinia kutoka karibu Shella nzima. Mwaka huu alitaka kupumzika na moshi wa makaa.

Jambo hili lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Namba ilikuwa sahihi, muda ulikuwa sahihi, na mkate haukuiva.

## Fundi na sababu zake mbili

Fundi aliyeitwa alisikiliza, akaiwasha, akatikisa kichwa. Alitoa sababu mbili kwa pamoja. Kwanza, magnetroni imechoka, yaani kile kifaa kinachozalisha mawimbi hakina nguvu tena. Pili, kitu ni cha ng'ambo, na stima ya huko si stima ya hapa.

"Bi mkubwa, hii ukinunua magnetroni mpya utakuwa umenunua oveni nyingine."

Sababu ya pili ndiyo rahisi kupima, maana jibu lake limeandikwa. Kila oveni ina kibati, aghalabu nyuma au kwenye fremu ya mlango ukiufungua. Cha Shangazi kilisema 220–240 V na 50 Hz. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Italia ni volti 230, hezi 50 pia. Hapo hapakuwa na ugomvi wowote.

Kibati hichohicho huwa na namba nyingine inayotia watu wasiwasi, 2450 MHz. Hiyo haihusiani na stima ya ukutani. Ni kasi ya mapigo ya mawimbi yanayopasha chakula, nayo ni ileile kwenye maikrowevu za majumbani, ziwe zimenunuliwa Milano, Dubai au Nairobi. Namba ya kulinganisha na soketi yako ni ile ndogo, 50 au 60.

Kilichohitaji kubadilishwa ni plagi tu. Plagi ya Kiitaliano ina vijiti vitatu vya mviringo vilivyopangwa mstari mmoja, na Shangazi alikuwa ameichomeka kwa adapta ya bei ndogo, ya zile zinazoacha waya wa ardhi ukining'inia bila kazi. Kwa chaja ya simu adapta hiyo inatosha. Kwa sanduku la chuma linalovuta zaidi ya wati 1,400 haitoshi, kwa sababu waya wa ardhi ndio unaokulinda siku umeme ukigusa bodi. Tukaikata na kufunga plagi ya kawaida ya fyuzi ya ampia 13: waya wa kahawia kwenye L, wa buluu kwenye N, wa kijani na njano kwenye ardhi. Rangi za Ulaya ni hizohizo.

Ikabaki sababu ya kwanza.

## Lita moja ya maji

Kibati kilikuwa na namba mbili za wati, si moja. Penye maikrowevu kulikuwa na 1450 W, na pembeni yake 900 W ikifuatiwa na herufi IEC 705. Ya kwanza ni umeme unaoingia, ndio unaokula tokeni. Ya pili ni nguvu inayofika kwenye chakula. Tofauti yake hupotea kwa joto la mashine yenyewe, feni na taa. Ukisikia mtu anasema maikrowevu yake ni ya wati 1,400, mara nyingi ameisoma ile ya kwanza. Ya kupikia ni ile ya pili.

Zile herufi ni jina la kipimo, na kipimo chenyewe ni cha maji. Maabara hupasha lita moja ya maji kutoka karibu digrii 10 hadi karibu digrii 20 na kuangalia imechukua muda gani. Jikoni Malindi maji ya digrii 10 hupati bila barafu, lakini hesabu haibadiliki. Kuongeza lita moja ya maji digrii moja kunahitaji nguvu ya wati 70 kwa dakika nzima. Basi unapasha lita moja kwa dakika moja kwa nguvu ya juu kabisa, unatazama imepanda digrii ngapi, unazidisha kwa 70.

Binamu yangu ni mpishi hotelini, akatuazima kipimajoto cha nyama. Tulitumia bakuli la plastiki jepesi la maikrowevu, kwa sababu kioo kizito hujinywea joto lake kabla ya maji. Tulikoroga maji, tukapima: digrii 28. Dakika moja kwenye 900. Tukakoroga tena, na kukoroga huku ni lazima, maana maikrowevu hupasha maji mahali mahali na ukichovya bila kukoroga utasoma uongo. Kipimajoto kikasema 40.

Digrii 12 mara 70 ni wati 840.

Kwa kipimo cha jikoni, ambapo bakuli na hewa huchukua chao, hiyo ni oveni nzima. Ingetoka 500 au 400, hapo fundi angekuwa na hoja. Magnetroni haikuwa imechoka.

Niseme hapa jambo ambalo sitaki lipite. Fundi alitaka kufungua bodi palepale mezani, watoto wamesimama kutazama. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya 2,000 hata baada ya kuchomoa plagi, na imeua mafundi wenye uzoefu. Maji na kipimajoto vinakupa jibu bila kugusa skurubu hata moja.

Shangazi alifurahi kwa muda mfupi, kisha akauliza swali lenyewe. "Sasa kama ni nzima, mkate wangu umefanya nini?"

## 180 ya upande wa kushoto

Nilirudi kwenye paneli, safari hii na tochi ya simu.

Upande wa kushoto kuna safu ya vitufe: 90, 180, 360, 600, 900. Upande wa kulia kuna kirungu cha kuzungusha, chenye alama ndogondogo pembeni, na juu yake kioo cha namba. Chini kuna maneno machache ya Kiitaliano. `AVVIO` ni kuwasha, `STOP` haina haja ya kuelezwa, `SCONGELAMENTO` ni kuyeyusha barafu, `OROLOGIO` ni saa. Maneno haya hayakumsumbua Shangazi hata siku moja. Alishayakariri kwa mahali yalipo.

Kilichomsumbua ni kitu ambacho hakikuwepo. Baada ya 900 palikuwa na doa lililong'aa kuliko sehemu nyingine. Ukiinamisha tochi, unaona kivuli cha herufi iliyofutika: W. Miaka ya kufutwa kwa kitambaa na sabuni, na hewa ya chumvi tunayoijua sote hapa pwani, vilikuwa vimeila.

Kwa hiyo 180 aliyoibonyeza ilikuwa wati 180.

Hata bila ile herufi, safu yenyewe inajieleza ukiitazama kwa utulivu. Namba za joto la oveni hupanda kwa hatua sawa, 150, 160, 170, 180, na huishia 230 au 250. Hakuna oveni ya nyumbani yenye digrii 900. Namba zinazoruka kutoka 90 hadi 180 hadi 360, halafu zikafika mia tisa, haziwezi kuwa za joto. Ni nguvu. Na ile kubwa kabisa inapaswa kulingana na namba ya pili ya kibati, ambayo kwetu ni 900. Zikilingana, umeshajua safu hiyo ni ya nini.

Wati 180 inafanya nini basi? Kwenye maikrowevu nyingi, na hii ni mmojawapo, magnetroni haijui kupika polepole. Inawaka yote au inazimika yote. Ukichagua 180 kwenye mashine ya 900 umeiambia ifanye kazi moja ya tano ya muda. Inawaka sekunde chache kwa nguvu zote, inalala, inawaka tena. Huhitaji kijitabu kulijua hili, masikio yanatosha. Tulizima feni ya dari, tukaweka bakuli la maji ndani, tukasikiliza: sauti nzito ya kuvuma kwa sekunde 6 au 7, mlio mdogo wa tak, kisha upepo wa feni tu kwa sekunde 20 na kitu. Halafu tena. Kwenye 360 mvumo ulikuwa mrefu zaidi na kimya kifupi zaidi. Kwenye 900 hakukuwa na kimya. Ukikuta paneli ambayo namba zake zimefutika kabisa, unaweza kuzipanga upya kwa njia hii, kitufe kimoja baada ya kingine, kwa saa ya mkononi. (Maikrowevu za inveta ndizo pekee zisizoonyesha hivyo. Zile hupunguza nguvu kweli, na mvumo hauna mkatiko.)

Tukahakikisha kwa maji. Dakika 5 kwenye 180 ziliyapandisha maji karibu sawa na dakika 1 kwenye 900, pungufu digrii moja hivi, ambayo ilipotea hewani kwa sababu ya kungoja.

Hapo mkate ukaeleweka. Mawimbi yanapasha maji yaliyomo kwenye chakula, na palipo na maji joto halipiti sana digrii 100. Rangi ya kahawia juu ya mkate huanza pale uso unapokauka na kuvuka digrii 140 hivi. Kwenye wati 180 uso wa ule mkate ulibaki na unyevu wake, na hewa iliyouzunguka haikuwa moto hata kidogo. Ungeongeza saa nzima, ungepata kitu kilichokauka na kuwa kigumu, lakini cheupe. Na katikati ya bakuli pana ndipo mawimbi yanapofika kwa udhaifu zaidi, ndiyo maana kijiti kilitoka na uji wakati kandokando kumeshikana.

Shangazi alikuwa ameufuata mwongozo neno kwa neno. Ulipotea kwenye ile herufi moja.

## 180 ya upande wa kulia

Digrii zilikuwa kwenye kirungu, zimefichwa nyuma ya alama. Hazijitokezi mpaka uchague alama kwanza. Ukishaichagua, kioo kinaonyesha 160 yenye °C ndogo, na kuzungusha tena kunaipandisha au kuishusha.

Alama hizi watengenezaji huziweka badala ya maneno ili kifaa kiuzwe nchi yoyote, na nadhani ndizo zinazowachanganya watu kuliko Kiitaliano chenyewe. Mbili kati yake zinafanana sana. Mistari laini ya mawimbi, mitatu, moja juu ya mwenzake, ni maikrowevu. Mstari mmoja wa meno ya msumeno uliobanwa juu kabisa ya kisanduku ni grili, yaani moto wa juu peke yake. Kwenye oveni ya Shangazi kulikuwa na alama ya msumeno na chini yake mawimbi, zote kwenye kisanduku kimoja. Hiyo ni grili pamoja na maikrowevu. Ukipitisha macho haraka huoni tofauti, na tofauti ndiyo inayoamua kama chuma kinaruhusiwa ndani.

Kisha kuna kipanga cha feni, ambacho ni hewa moto inayozungushwa. Na kuna kisanduku chenye mstari mnyoofu juu na mstari mnyoofu chini.

Nilipomwonyesha Shangazi huu wa mwisho, hakungoja maelezo.

"Huo si wa kupalia makaa? Moto juu, moto chini."

Ndio huohuo. Sinia juu ya jiko, bati juu ya sinia, makaa juu ya bati. Mstari wa juu ni makaa ya kupalia, mstari wa chini ni jiko. Tangu hapo hakuuliza tena juu ya alama. Alianza kunieleza mimi ni ipi ingefaa kwa nini, na alikuwa sahihi. Msumeno wa juu peke yake ungeunguza uso kabla ya kati kuiva, ilivyo ukizidisha makaa juu na jiko likawa limefifia.

Lakini lile la chuma lilikuwa bado linamtia hofu. Askari alisema usitie chuma, na hakukosea, ila alisema nusu. Chuma hakitakiwi mawimbi yanapokuwa yanafanya kazi. Mawimbi hayapenyi sinia, kwa hiyo chakula hupata ya juu tu, na ukingo mwembamba wa sinia ukikaribia ukuta wa ndani hutoa cheche. Kwenye alama zisizo na mawimbi, yaani feni peke yake au mistari miwili peke yake, hakuna wimbi lolote ndani. Ni oveni ya kawaida. Sinia inaingia, na inafaa kuliko kioo, maana bati jembamba hupitisha joto la chini haraka.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuingiza sinia ni moja: je, kuna mawimbi popote kwenye alama niliyochagua?

## Za Lamu

Nilipoanza kulizungumza jambo hili, simu zikaja kutoka Lamu. Huko vifaa vingi huja na ndugu walio Saudia, Oman na Emirati, na paneli zake ni za namna nyingine.

Binamu mmoja ana maikrowevu isiyo na wati popote mbele. Ina viwango 1 hadi 10 tu. Hizo ni asilimia zilizokatwa sifuri: kiwango 10 ni nguvu yote, kiwango 5 ni nusu yake, na nusu ya nini ni lazima ukaisome nyuma. Yake ilisema 700 W. Kiwango 5 basi ni wati 350, ambayo karibu ni 360 ya Shangazi. Hapo ndipo mapishi yanaweza kusafiri kutoka oveni hadi oveni. Shangazi akisema samaki wake huiva kwa 600 dakika 7, binamu atakwenda kiwango 9 (wati 630) na kupunguza kidogo tu. Na kama mtu anapika kwa nguvu zote kwenye 900 dakika 7, mwenye 700 atazidisha 7 kwa 900 na kugawa kwa 700, atapata dakika 9. Akiambiwa tu "weka nguvu ya juu dakika 7" atakula kibichi.

La pili lilikuwa zito zaidi. Jirani yake ana maikrowevu iliyoletwa kutoka Jeddah. Inavuma kuliko za wenzake, inapata moto ubavuni, na saa yake ya mbele haikai sawa hata uirekebishe kila asubuhi.

Nikamwuliza inachelewa kiasi gani. Dakika 10 kwa kila saa, akasema. Nikamwomba asome kibati.

220 V, 60 Hz.

Saudia hutumia stima ya hezi 60, tofauti na Oman na Emirati ambako ni 50 kama kwetu. Saa za namna hiyo huhesabu mapigo ya stima: mapigo 60 ni sekunde moja. Hapa stima inapiga 50, kwa hiyo saa inachelewa moja ya sita, na moja ya sita ya saa ni zile dakika 10. Ukiweka dakika 6 za kupika, zinakuwa dakika 7 na sekunde 12 za kweli. Hilo ni usumbufu tu. Hatari iko kwenye transfoma iliyo ndani. Imetengenezwa kwa chuma cha kutosha hezi 60, na ikilishwa hezi 50 chuma hicho huelemewa, huvuta umeme wa ziada usiopika chochote, na huchemka. Ndio mvumo, ndio moto wa ubavuni. Stebilaiza haisaidii, kwa kuwa inanyoosha volti na haigusi hezi.

Nilishauri aache kuitumia. Hakupenda, kwa sababu ni zawadi ya mwanawe, na plagi inaingia vizuri na chakula kinapata moto. Mambo mawili hayo ndiyo yanayomfanya mtu aamini kwamba kifaa kinafaa. Kama kibati kingesema 50/60 Hz ningemwambia aendelee bila hofu. Saa pekee si ushahidi wa kutosha, maana maikrowevu nyingi siku hizi zina saa yenye kristali yake ambayo haichelewi popote, wakati transfoma ni ya 60 vilevile. Kibati ndicho kinachoamua.

## Sinia yenyewe

Jaribio la Shangazi tulilifanya siku ya Alhamisi, kabla ya oda yoyote.

Tulichagua feni peke yake. Mapishi yale ya 180 yaliandikwa kwa moto wa juu na chini, na hewa inayozungushwa hupika kwa ukali zaidi, hivyo wapishi hushusha digrii 20. Tuliweka 160. Tuliiacha tupu mpaka ipate moto kamili, kama dakika 12, tukisubiri taa ndogo ya kipimajoto izime. Sahani ya kioo inayozunguka tuliitoa, tukaweka rafu ya chini. Sinia iliingia, ya bati, ile anayoitumia kwenye makaa, yenye unga uliokwisha kuumuka.

Baada ya dakika 25 harufu ya iliki na tui ilikuwa imefika kibarazani. Rangi ilikuwa imeanza, lakini upande wa nyuma ulikuwa umetangulia, maana feni iko nyuma. Shangazi akaigeuza sinia. Dakika 32 kijiti kilitoka kikavu.

Chini haukuwa na ule ukoko alioutaka. Wa pili aliupika kwa mistari miwili, digrii 180 za kweli, dakika 34, na ukoko ukapatikana. Huo ndio aliouchagua kwa oda. Anasema makaa bado yanampa ladha ambayo oveni haina, nami nakubaliana naye, ila sasa anapika mmoja ndani wakati mwingine uko jikoni nje.

Ile W tuliirudisha kwa rangi ya kucha, nyekundu, kubwa kuliko ilivyokuwa. Upande wa kulia, pembeni ya kirungu, akachora mwenyewe kisanduku chenye mistari miwili na neno "sinia". Kile cha msumeno na mawimbi alikiwekea neno "samaki", kwa sababu tangu wiki iliyopita anakausha samaki wa kupaka hapo, 360 na grili, kwenye bakuli la kioo, dakika 12 kwa changu wa kilo moja aliyepasuliwa. Rojo la tui huiva kwa mawimbi na uso hupata madoa ya moto kwa wakati mmoja. Bado tunabishana kama aingie na rojo lote tangu mwanzo, au nusu ipakwe dakika 4 za mwisho.